Picha ya bafu unayo, dukani unachukua kipi? Maswali yenu wiki hii

Kaka habari, nimeipenda miksa ya shawa kwenye picha mtandaoni, ukutani inaonekana sahani na mkono wake tu. Bafu langu lina tailizi tayari na mabomba mawili yametokeza. Naipata wapi? (Mbagala)

Dada, hiyo usiinunue, labda uwe tayari kubomoa tailizi. Sahani unayoiona ni uso tu, mwili wa miksa umezikwa ukutani kabla ya plasta. Mabomba mawili yaliyotokeza yanataka miksa ya nje, ile inayokaa juu ya ukuta, na hizo zipo hadi nyeusi na za rangi ya dhahabu.

Kabla hujaenda Kariakoo pima umbali wa matundu mawili, na usihangaike kukisia katikati, weka tepu ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza mpaka ukingo wa kushoto wa tundu la pili, kama matundu yanalingana ukubwa jibu ni lile lile. Miksa nyingi za ukutani zimetengenezwa kwa sentimita 15. Ndani ya boksi kunakuwa na viungo viwili vilivyopinda kidogo, upande wa ukutani nusu inchi, upande wa miksa robo tatu, na ukivizungusha unasogeza umbali kidogo. Ukipata 14 au 16 usiogope, vitafidia. Ukipata 11 hapo fundi alikosea tangu mwanzo na hakuna muuza duka wa kukuokoa, bomba lisogezwe, au uweke koki mbili za kawaida.

Angalia pia tredi imekaa wapi. Ikiwa imezama ndani ya tailizi nunua na niple ya kurefusha, maana ukilazimisha, kiungo kinashika tredi mbili tatu tu, leo hakivuji ila baadaye maji yanatembea nyuma ya tailizi na wewe unaona rangi inabanduka chumba cha pili.

Piga picha ya ukuta WAKO tepu ikiwa imewekwa kwenye matundu, ukifika dukani onyesha hiyo kwanza, ile ya mtandaoni iwe ya mtindo tu.

Choo changu maji yanatiririka kwenye bakuli usiku kucha, fundi anasema ninunue tanki lote. Nimekutumia picha ya tanki kwa nje. (Morogoro)

Mama, picha ya nje haitusaidii, fungua mfuniko upige kutoka juu. Usinunue tanki kabla ya kujua kinachovuja. Mwaga rangi ya chakula kidogo ndani ya tanki, kaa dakika 20 bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, shida ni mpira wa chini wa flashi, toa ule wa zamani uende nao mkononi, upana wake ndio unaolinganishwa. Lakini ukiona maji yanapanda na kumwagikia ndani ya ule mrija uliosimama katikati, basi ni floti haifungi, na floti utauliziwa kitu kimoja kikubwa: maji yanaingilia ubavuni au chini? Ya ubavuni na ya chini hazibadilishani, hata kama zote tredi yake ni nusu inchi.

Ikibidi flashi nzima ibadilike, linganisha urefu wa mrija ule. Ncha yake lazima iwe chini ya tundu la mkono wa kuflashi, kama sentimita 2 na nusu hivi, la sivyo floti ikiharibika tena maji yanatokea tunduni na kulowesha sakafu badala ya kuingia chooni. Mingi inarefushwa au kukatwa, muulize muuzaji akuonyeshe inavyofanywa kabla hujalipa.

Nimenunua sinki la bakuli la kukaa juu ya meza kama kwenye picha, koki niliyopewa haifiki, inagonga ukingo. (Tanga)

Umepewa koki fupi ya sinki la kawaida. Bakuli lako likiwa na kimo cha sentimita 14 na mdomo wa koki upo sentimita 11 toka mezani, haiwezekani kabisa. Tafuta ndefu, mdomo uwe juu ya ukingo kiasi cha kuingiza mikono, kwa hilo lako 22 hivi inatosha, halafu pima toka tundu la meza mpaka karibu na tundu la kutolea maji, shingo ya koki ifike hapo. Tundu la meza kwa kawaida ni milimita 35, likiwa dogo lipanuliwe kwanza.

Na ukiwa hapo hapo dukani chungulia ndani ya bakuli lako, lina kile kitundu cha pembeni cha kuzuia maji yasifurike? Mengi ya mtindo huu hayana. Kama halina, chukua kizibo ambacho shina lake ni zima, kile chenye matundu ubavuni kinaweza kuvujishia maji kwenye kabati, na kama linacho basi ni kinyume chake, lazima kiwe na matundu.