Spotify imeandika Lossless, DAC inasoma 192: nani anadanganya?

"Nina DAC ya USB, kile kifaa cha kugeuza data ya wimbo kuwa sauti, kwenye laptopu, Windows nimeiweka 24 bit, 192000 Hz kama nilivyoelekezwa kwenye video moja. Spotify inaonyesha Lossless na DAC inasoma 192. Hapo si nimefika juu kabisa?"

Hapana ndugu yangu, hiyo 192 ndo tatizo lenyewe. Lossless ya Spotify, yaani wimbo usiopunguzwa kitu, mwisho wake ni 24 bit, 44.1 kHz, sasa hiyo 192 imetoka wapi? Imetoka kwa miksa ya Windows. Miksa inachanganya wimbo, mlio wa meseji na video ya brauza viwe sauti moja, na haiwezi kuchanganya vitu vyenye mwendo tofauti, kwa hiyo kila kinachoingia inakibadilisha kwanza kifuate namba uliyoweka wewe. Kutoka 44100 kwenda 192000 maana yake kila sampuli 147 za wimbo, yaani vipimo vidogo vya sauti, zinageuzwa kuwa 640, na katika hizo 640 ni moja tu inayoangukia pale pale ilipokuwa sampuli ya mwanzo, zingine zote ni hesabu za kompyuta yako. Spotify haijui, imeshakabidhi mzigo mzima mlangoni, ndo maana bado inaandika Lossless.

Hili naliona kila wiki na linaniudhi kweli, maana Windows yenyewe imebandika maneno Studio Quality pembeni ya 192000 na watu wa video wanayasoma hivyo hivyo bila kupima chochote. Maziwa lita moja ukiyamimina kwenye ndoo ya lita kumi ni lita moja ile ile!

Bonyeza Win + R, andika:

```
mmsys.cpl
```

Ingia Playback, bonyeza DAC yako mara mbili, nenda Advanced, chagua 24 bit, 44100 Hz. Volyumu ya Spotify na ya Windows ziache 100, punguza kwenye ampu. Piga wimbo, DAC isome 44.1. Video nyingi ni 48 kwa hiyo hizo ndo zitabadilishwa, sio kesi.

Ukiwa na Tidal, albamu zingine ziko 96 au 192 kweli, na hapo ukibaki 44100 unakata kilichozidi. Washa Use Exclusive Mode kwenye Tidal, inaruka miksa kabisa na namba ya DAC inabadilika kulingana na wimbo, ila sauti za programu zingine zitakatika.

Sikudanganyi, kibadilishaji cha Windows sio kibovu sana na wengi hawatasikia tofauti. Kinachoharibu waziwazi ni zile programu za "kuongeza sauti" wanazowawekea watu kwa hela. Juzi nimeletewa laptopu inayokwaruza kwenye besi, mwenyewe ameshanunua spika mpya, kumbe ana mbili za hivyo zimepangana njiani, kila moja inapandisha mpaka vilele vya sauti vinakatwa. Nilizitoa zote mbili na zile spika zake za zamani zikapiga safi.