Jibu: mashapo meupe yanayoyeyuka NaOH ikizidi

Aliyeuliza, Kisumu: "Nimetia NaOH, mashapo meupe yakatokea, nikaongeza yakayeyuka. Moto ukawa manjano. Ni ayoni gani?"

Ndugu, kama ulichoma myeyusho uleule uliotiwa NaOH, manjano hiyo ni sodiamu uliyoitia mwenyewe. Choma chumvi asilia, kwa waya uliosafishwa kwa HCl. Hata hivyo, katika kundi hili moto hausaidii sana.

Umebaki na Zn²⁺, Al³⁺ au Pb²⁺. Chukua 2 cm³ za myeyusho mpya, utie amonia tone kwa tone ukitikisa, hadi izidi. Mashapo yakitokea kisha yakayeyuka, ni zinki. Hapa ndipo wengi hupotea: chupa ya amonia ikikaa wazi katika joto la Kisumu, gesi hutoroka na amonia hudhoofika. Mashapo ya zinki basi hayayeyuki, nawe unaandika alumini. Amonia isiyonukia kwa ukali, omba nyingine.

Yasipoyeyuka, chukua sehemu nyingine mpya na utie matone mawili matatu ya KI. Mashapo ya manjano iliyokoza ni risasi. Pasipo badiliko, ni alumini. Mabaki ya risasi weka kwenye chombo chake, usimwage kwenye sinki.