Maswali yenu ya kubeti kriketi: pichi, sarafu na ova zilizobaki

"Naangalia wastani wa mikimbio ya uwanja kabla ya kuweka mkeka wa jumla. Mbona mara nyingi unanidanganya?" — Msomaji, Arusha

Kwa sababu uwanja mmoja una pichi nyingi, yaani vipande vya ardhi ngumu ambako mpira hudundishwa kwa mpigaji. Uwanja wa Narendra Modi kule Ahmedabad una 11 katikati yake, nyingine za udongo mwekundu na nyingine za udongo mweusi, na kila moja ina tabia yake. Fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 19 Novemba 2023, India dhidi ya Australia, ilichezwa kwenye pichi ileile iliyotumika Oktoba 14 India walipocheza na Pakistan. Siku ile Pakistan walikuwa 155 kwa wiketi mbili tu, yaani wapigaji wawili tu walikuwa wametoka, kisha wakamalizika kwa 191. Aliyeikumbuka mechi hiyo alijua mengi kuliko aliyeshika wastani wa uwanja mzima.

Pichi iliyokwisha kutumika huwa kavu na nzito. Mpira unapodunda unashika ardhi kidogo na kumfikia mpigaji kwa kuchelewa, naye anapiga kabla haujafika. Spina, yaani mipira inayozungushwa, na mipira ya polepole ndipo vinapotamba. Kwa hiyo ulizia mambo mawili: pichi ya leo ni mpya au ya zamani, na mechi ya mwisho iliyochezwa juu yake iliendaje kuanzia ova ya 15 hivi, kila ova ikiwa mipira sita, mpira ulipokuwa umechakaa.

"Nibeti kabla ya sarafu kurushwa au nisubiri?" — Msomaji, Mombasa

Kwa jumla ya timu, mimi husubiri. Bei ya kabla ya sarafu imechanganya hali mbili zisizofanana. Tuseme, kwa mfano tu, timu ikitangulia kupiga inategemewa kufika 290, na ikipiga ya pili kufukuza lengo, 265. Kabla ya sarafu utakuta mstari, yaani namba unayobeti juu au chini yake, karibu na 278, namba isiyoendana vizuri na hali yoyote kati ya hizo mbili. Sarafu ikishaanguka, mstari unahamia upande mmoja ndani ya dakika chache.

Anayefukuza ana dari. Katika fainali ile Pat Cummins alishinda sarafu akachagua kurusha, akitarajia umande wa usiku ulainishe kazi ya kupiga. India walipata 240. Australia walifika 241 kwa wiketi nne, wakiwa bado na ova saba kati ya 50 mkononi. Walikuwa na nguvu ya kwenda mbali zaidi, lakini mechi huisha lengo linapopitwa. Mwenye mkeka wa "Australia zaidi ya 260" alipoteza siku ambayo timu yake ilitwaa kombe.

Faida nyingine ya kusubiri ni kwamba wakati wa sarafu ndipo orodha ya wachezaji 11 inapotangazwa.

"India walikuwa na 80 baada ya ova 10 kwenye fainali hiyo. Hiyo si kasi ya 400? Kwa nini mstari wa moja kwa moja hauendi huko?" — Msomaji, Dar es Salaam

Ova 10 za kwanza si sampuli ya zile 40 zinazofuata. Katika kipindi hicho wachezaji wawili tu ndio wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara, kwa hiyo mpira ulioinuliwa unapata nafasi. Rohit Sharma alikuwa ameitumia nafasi hiyo kwa 47 za haraka. Baada ya hapo uwanja unatanuka na mikimbio ya moja moja inachukua nafasi ya zile za nne.

Mwenye kuweka bei hazidishi kasi ya sasa. Anachukua mikimbio iliyopo, kisha anaongeza anachotegemea kutoka ova zilizobaki, akikata kwa kila wiketi iliyoanguka. Tufanye hesabu ya pichi ya kawaida: 80, jumlisha ova 30 za katikati kwa mikimbio 5.3 kila moja, yaani 159, jumlisha ova 10 za mwisho kwa 7.5, yaani 75. Unapata 314. Tayari uko mbali na 400, na bado hatujaigusa pichi.

Sasa tazama kilichotokea. Rohit alitoka timu ikiwa na 76, Shreyas Iyer akafuata kwenye 81, mwanzoni mwa ova ya 11. Virat Kohli na KL Rahul wakabaki kulinda wiketi, na Kohli alipotoka katika ova ya 29 ubao ulisoma 148. Zilikuwa zimepita ova 18 na mikimbio 67, chini ya minne kwa ova. Hapo ile 5.3 ya hesabu yetu imekufa. Na ile 7.5 ya mwisho nayo inakufa polepole, kwa kuwa anayebaki na wapigaji wachache hathubutu kushambulia mapema. Rahul alipotoka kwenye 203 walibaki Suryakumar Yadav na warushaji wanaojaribu kupiga, na zamu ikaishia 240.

Wengi hukosea papo hapo: wanaona ova 20 zimebaki na kuzihesabu zote sawa. Ova 20 ukiwa na wiketi nane na ova 20 ukiwa na wiketi tano ni bidhaa mbili tofauti. Dalili ya kuangalia mapema ni mipira inayopita bila hata mmoja kufika mpaka wa uwanja. Kama wapigaji wawili waliozoea wanahangaika kwa ova tano au sita, kata nusu mkimbio kwa kila ova iliyobaki, hata kama ubao bado unapendeza.

"Mpigaji bora wa timu: nimchukue nyota au anayefungua?" — Msomaji, Zanzibar

Uliza kwanza atapata mipira mingapi. Anayefungua zamu ana ova zote mbele yake. Katika T20, mechi ya ova 20, namba tano anaweza kuingia zikiwa zimebaki nne. Lakini wiketi zikianguka mapema, mlango unafunguka kwa wa chini. Kwenye fainali yetu Rahul aliingia namba tano na karibu ova 40 bado zipo. Alipata 66, mbele ya Kohli mwenye 54 na Rohit mwenye 47. Jina lake lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni ova alizopewa.

Timu inayofukuza lengo dogo hupendelea wa juu, maana wa chini huenda wasiingie kabisa. Travis Head alifungua kwa Australia akapata 137.

Angalia pia ushuru wa soko hili. Geuza kila odi kuwa asilimia (1 gawanya kwa odi) ujumlishe. Jumla yenye 1.85 kila upande inakupa takriban 108. Orodha ya wapigaji 11 mara nyingi inapita 120, na ziada hiyo yote ni ya kampuni.

"Wapigaji wawili wakilingana nalipwa nini?" — Msomaji, Nakuru

Kwa kawaida dau linagawanywa. Shilingi 1,000 kwa odi 5.00 inakuwa 500 mara 5, unapata 2,500. Soma kanuni za kampuni yako.

"Uganda dhidi ya Papua New Guinea 2024: kwenye mechi ndogo hivyo kuna cha kuhesabu?" — Msomaji, Kampala

Kipo, na ni kizuri. Kule Guyana, Papua New Guinea waliishia 77. Uganda wakafukuza hadi 78 kwa wiketi saba katika ova ya 19. Riazat Ali Shah alitosha kuwa mpigaji bora wa timu kwa 33, akitumia mipira 56. Kwenye pichi kama hiyo mtafute anayejua kukaa, si mwenye mipigo mirefu, na usishangae namba ya ushindi ikiwa thelathini na kitu.