Meseji ya hela haisomwi laivu

Kabla sijaanza kushona laivu TikTok nilikuwa nasherehesha kicheni pati huku Mbagala. Ukitunzwa ukumbini unataja jina na kiasi, watu wanapiga vigelegele. Tabia hiyo nikaihamishia kwenye laivu, na ikaniponza.

Nilikuwa nimebandika lipa namba ukutani nyuma ya cherehani. Usiku mmoja nikapokea elfu 20 kutoka kwa dada mmoja, nikaishika simu ya pili na kusoma meseji neno kwa neno. Meseji ile haiji na jina analotumia mtu kwenye komenti. Inakuja na majina yake kamili, yale aliyosajilia laini. Dakika haikupita, komenti ikaingia: "Kumbe hela unayo, ya kikoba ndiyo huna?" Mdai wake alikuwa anatazama. Yule dada akatoka.

Kesho yake nilimpigia kuomba radhi na kumrudishia hela. Aliikataa. Alichotaka ni kimoja, ile video niliyoirekodi na kuiweka YouTube ifutwe. Nikaifuta hapohapo.

Zawadi ya ua ndani ya TikTok ni tofauti. Sarafu moja tu, lakini aliyelituma anajua jina lake la akaunti litatokea kwenye skrini, basi nalitaja hilohilo. Aliyetuma kwa lipa namba hajakubali kutangazwa. Siku hizi simu ya pili naifunika kifudifudi, mlio nimeuzima. Nikimaliza mshono nachungulia, kisha nasema, "Kuna aliyenitunza, nimeiona, asante sana," narudi kwenye kitambaa. Akitaka ajulikane ataandika mwenyewe kwenye komenti, nami nitamshukuru kwa jina alilojiandikia. Kiasi sikitaji hata akiandika yeye. Nikishataja elfu 20, mwenye elfu moja yake anaona aibu kuituma.

Kitu kingine nilichoacha ni kuuliza "nani anafuata?" na "mbona leo mmelala?" Nilikuwa nikisema hivyo, namba ya watazamaji pale juu inashuka mbele ya macho yangu. Watu wanakimbia mchango, na kwa Dar hii ya kadi za harusi kila wiki siwalaumu. Lipa namba naitaja mara moja nikifungua na mara moja nikifunga. Anayeuliza namna ya kukata kola namjibu kwa zamu yake, awe ametuma au hajatuma. (Shoga yangu anasema najipunja. Labda.)

Hela kubwa kuliko kawaida siifurahii haraka. Namtafuta pembeni: "Habari, nimeona laki moja, ulikusudia?" Siku moja jibu lilitoka kwa mama mtu. Mwanawe wa darasa la sita alikuwa anaijua namba ya siri. Nilirudisha yote, na makato ya kurudisha nikayalipa mimi. Mama yule alinitumia kitambaa cha kitenge, akataka gauni la mikono mifupi, kwa bei ya kawaida.