Kanuni ya Fermat: andika mabaki kwanza, kikokotoo baadaye

Vijana ninaowafundisha tuisheni ya jioni hapa Mikindani, wakifika kwenye kanuni ya Fermat, hukimbilia kikokotoo. 3 kwa kipeo cha 6 ni 729, gawanya kwa 7, linabaki 1, basi wanafunga daftari. Jibu ni sahihi, ila sababu bado hawajaiona. Mimi nawashauri waanze na kalamu.

Fermat aliieleza kanuni hii kwenye barua mwaka 1640: ukichukua namba tasa p, na namba a isiyogawanyika kwa p, basi a^(p-1) ikigawanywa kwa p hubaki 1.

Tubaki na 3 na 7. Andika vigawe vya 3: 3, 6, 9, 12, 15, 18. Sasa andika baki la kila kimoja ukikigawanya kwa 7: 3, 6, 2, 5, 1, 4. Yaangalie vizuri. Ni zile zile 1 mpaka 6, zimebadilishana nafasi tu. Haiwezekani mawili yafanane, maana tofauti ya vigawe vyake ingekuwa 3 mara namba ndogo kuliko 7, na tofauti hiyo ingepaswa kugawanyika kwa 7. Kwa kuwa 7 ni tasa, haiwezi kugawanya zao bila kugawanya mojawapo ya namba zilizozidishwa, na hapa haigawanyi yoyote.

Zidisha vigawe vyote sita. Kila kimoja kina 3 yake, kwa hiyo unapata 3^6 × 720. Zidisha mabaki yote, unapata 720. Mazao hayo mawili yana baki lile lile ukiyagawanya kwa 7, kwa hiyo tofauti yao, 720 × (3^6 − 1), inagawanyika kwa 7. 720 imetokana na 1 mpaka 6, ndani yake hamna 7. Basi 7 lazima igawanye 3^6 − 1, yaani 728. Kweli, 7 × 104 ni 728.

Hatua hiyo ya kuiondoa 720 ndiyo wengi huipita mbio. Binti mmoja alinibana hapo: "Mwalimu, mbona 2 na 9 orodha inakamilika, lakini baki si 1?" Alikuwa ameandika 2, 4, 6, 8, 1, 3, 5, 7. Zote nane zipo, ila 2^8 ni 256, na kwa 9 linabaki 4. Nikamwambia azidishe 1 mpaka 8. Akapata 40320, ambayo ni 9 × 4480. Zao lenyewe linagawanyika kwa 9, kwa hiyo huwezi kuliondoa kama tulivyoiondoa 720.

Aliuliza kama 9 inaokoleka. Inaokoleka: ondoa 3 na 6, zinazoshirikiana kigawo na 9. Zinabaki 1, 2, 4, 5, 7, 8, ambazo ni sita, kwa hiyo kipeo kinakuwa 6. Njia hii ni ya Euler. 2^6 ni 64, na 64 ni 63 jumlisha 1.