Meza nne katika skrini moja: namna nilivyotenganisha kazi za wateja wawili

Ninaandika profoma na vitabu vya hesabu kwa maduka mawili ya vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi, moja liko komuni ya Kampemba na jingine komuni ya Kenya, na wenye maduka hayo hawapendani hata kidogo. Kazi ya tatu ni tafsiri za Kifaransa kwenda Kiswahili, ambazo huja kwa msimu. Zote ninazifanya kwenye kompyuta moja ya mkononi niliyoinunua ikiwa imetumika, yenye skrini ya nukta 1366 kwa 768 na mfumo wa Ubuntu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kila kazi ikiwekwa kwenye meza yake, yaani kwenye eneo lake la madirisha ambalo halionyeshi madirisha ya kazi nyingine, basi mambo yamekwisha.

Asubuhi moja mwenye duka la Kampemba alinipigia simu. «Mama, hii profoma ya saruji umeniletea, bei hizi ni za nani?» Zilikuwa bei za mshindani wake. Nilimwomba radhi, naye alinisamehe baada ya kuzisoma zote kwa makini, jambo ambalo ndilo lililoniuma zaidi. Jioni nilikaa kutafuta kosa lilikopita, nikagundua kwamba meza zangu zilikuwa zinahama bila mimi kujua.

Ubuntu hutumia GNOME, programu inayopanga madirisha na meza kwenye skrini, na GNOME ikiachwa kama ilivyokuja huzihesabu meza kulingana na madirisha yaliyofunguliwa. Meza ikibaki tupu, nawe ukaiacha kwenda nyingine, inaondolewa, na zote zilizokuwa kulia kwake zinasogea nafasi moja kushoto. Siku ile meza ya kwanza ilikuwa na barua pepe, ya pili ilikuwa ya Kampemba na ya tatu ya Kenya. Nilifunga lahajedwali ya Kampemba ili nikanywe chai, nikarudi kwenye barua pepe, na hapo meza ya pili ikatoweka. Niliporudi kazini, vidole vyangu vilibonyeza `Super` pamoja na `Page Down` mara moja, kama vilivyozoea, vikanipeleka «meza ya pili», ambayo sasa ilikuwa ya Kenya. Maduka yote mawili hutumia kiolezo kimoja nilichokitengeneza mwenyewe, kwa hiyo jicho halikuona tofauti. Nilibadili idadi ya mifuko, nikatoa PDF, nikaituma. (`Super` ni kile kitufe chenye alama ya madirisha, karibu na `Alt`.)

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomshauri mwenye kazi za watu wengi ni kuzifanya meza ziwe za kudumu, hata zikiwa tupu. Fungua terminali uandike amri hizi mbili:

```
gsettings set org.gnome.mutter dynamic-workspaces false
gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences num-workspaces 4
```

Hakuna haja ya kuwasha upya. Bonyeza `Super` peke yake uone picha ndogo za meza zikiwa zimejipanga kwa mstari. Zikiwa nne hata pasipo dirisha lolote, amri imeshika. Mimi nilichagua nne kwa sababu ya vidole: `Super` na `Home` hukupeleka moja kwa moja kwenye meza ya kwanza, `Super` na `End` kwenye ya mwisho, na hizo mbili za katikati huwa hatua moja tu kutoka pembeni. Barua pepe na ujumbe viko kwenye ya kwanza, Kampemba ya pili, Kenya ya tatu, tafsiri ya nne. Nilijaribu sita kwa wiki mbili, nikawa ninahesabu badala ya kufanya kazi.

Hata hivyo, kuzipigilia misumari meza hakukutosha, maana kuna milango ya nyuma. `Alt` na `Tab` huonyesha programu zilizofunguliwa kwenye meza zote, hivyo ukichagua LibreOffice kwa haraka unaweza kurushwa hadi kwenye faili la mteja mwingine. Mstari wa alama ulio upande wa kushoto wa Ubuntu hufanya vivyo hivyo: unabofya alama ya Firefox, na inakupeleka penye dirisha lake popote lilipo. Milango hiyo miwili hufungwa hivi:

```
gsettings set org.gnome.shell.app-switcher current-workspace-only true
gsettings set org.gnome.shell.extensions.dash-to-dock isolate-workspaces true
```

Kuanzia hapo, ukiwa meza ya Kampemba, kompyuta hujifanya kana kwamba Kenya haipo. Siku za kwanza utadhani dirisha limepotea, na utalifungua upya mara mbili au tatu kabla ya kuzoea. Vumilia, au bonyeza `Super` ulitafute kwa macho.

Na hapo ndipo kona inapoingia. GNOME ina kona moja tu inayofanya kazi, ile ya juu kushoto: ukisukuma kielekezi mpaka kigonge pembe hiyo, meza zote na madirisha yake hutandazwa mbele yako kana kwamba umebonyeza `Super`. Katika Ubuntu kona hii huwa imezimwa, na huwashwa kwa `gsettings set org.gnome.desktop.interface enable-hot-corners true`. Ziko nyongeza zinazozipa kazi kona zote nne, nami nilizitumia kwa muda, kisha nikaziondoa. Karibu na kona ya juu kulia kuna vitufe vya kufungia dirisha, na nilipokuwa ninakimbilia kufunga kitu, skrini nzima iliruka. Kona moja inayofanya jambo moja inanitosha, na kazi yake kwangu ni ukaguzi tu. Kabla ya kutuma profoma yoyote ninasukuma kielekezi juu kushoto, ninaangalia niko picha ya ngapi, kisha ninarudi.

Ukaguzi huo unahitaji alama ya kuonekana, kwa kuwa picha ya nyuma ya skrini ni ile ile kwenye meza zote. Nilichofanya ni kupaka rangi safu ya kwanza ya kila kiolezo, kijani kwa Kampemba na machungwa kwa Kenya, na kuipa Firefox wasifu mbili zenye mandhari ya rangi hizo hizo. Ukiandika `firefox -P` hufunguka kidirisha cha kutengenezea wasifu, na baadaye `firefox -P kampemba` hufungua ule mmoja moja kwa moja. Faida yake inazidi rangi, kwa kuwa kila wasifu una kuingia kwake, historia yake na vialamisho vyake, hivyo barua ya Kenya haiwezi kutoka kwenye sanduku la Kampemba.

Wapo wanaopendekeza nyongeza ya kuhamisha madirisha yenyewe, iitwayo Auto Move Windows. Ni nzuri, lakini hupanga kwa programu, haipangi kwa mteja. Ukiiambia LibreOffice iende meza ya pili, faili zote zitakwenda huko, na za Kenya pia. Ninaitumia kwa programu ya ujumbe pekee, ili isinifuate kila ninapokwenda.

Ndani ya meza moja sasa. Profoma hutaka madirisha mawili kwa wakati mmoja: orodha ya bei upande mmoja, hati upande mwingine. `Super` na mshale wa kushoto hulibana dirisha kwenye nusu ya kushoto, mshale wa kulia kwenye nusu ya kulia, na yakishapakana unaweza kuvuta mpaka ulio kati yao yakapungua na kuongezeka pamoja. Hapo ndipo skrini ndogo inapodai haki yake. Nusu ya nukta 1366 ni 683, ilhali ukurasa wa A4 ukionyeshwa kwa asilimia 100 huchukua nukta 794 hivi, kwa hiyo pembe ya kulia, penye safu ya jumla, hujificha. Nilikosea hesabu mara kadhaa kwa kutoiona. Punguza hadi asilimia 75 na ukurasa utachukua takriban 595, ukaingia wote hata mwambaa wa kusogeza ukiwepo. Mstari wa alama nao hula nafasi, basi uambie ujifiche dirisha likiukaribia:

```
gsettings set org.gnome.shell.extensions.dash-to-dock dock-fixed false
```

Kuanzia Ubuntu 23.10 mfumo unaweza pia kugawa skrini kwa robo. Kwenye skrini kubwa ya mezani sina ubishi nayo, lakini kwenye hii yangu robo ni kijidirisha cha kusomea saa tu.

Yapo mambo ambayo meza haiyatenganishi, na ni afadhali uyajue mapema. Ulichonakili kwa `Ctrl` na `C` ni kimoja kwa meza zote, hivyo ukihama kutoka Kenya kwenda Kampemba ukabandika bila kufikiri, bei ya Kenya itatua pale pale. Mimi nikishahama ninanakili kwanza neno lolote la meza niliyopo, ndipo ninaanza kazi. Kidirisha cha kuchagua faili nacho hakijui uko meza gani, kwa hiyo majina ya faili yangu sasa huanza na jina la mteja, `kampemba_profoma_014.ods`, badala ya ile `profoma_mars.ods` iliyokuwepo kwenye folda mbili. Na kiungo kilichobofywa ndani ya programu ya barua pepe hufunguka kwenye wasifu wa kawaida wa Firefox, pengine kwenye meza nyingine kabisa, nawe huoni kitu ila taarifa juu ya skrini kwamba Firefox iko tayari. Ninanakili anwani na kuibandika mwenyewe kwenye dirisha la meza niliyopo.

Kisha kuna delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Betri yangu ni ya dakika ishirini, na kompyuta ikizimika, GNOME haikumbuki dirisha gani lilikuwa meza ipi. Firefox ikirudisha vichupo, madirisha yake yote hurundikana kwenye meza uliyopo wakati huo. Kwa hiyo umeme ukirudi ninafungua mteja mmoja kwanza, madirisha yake yote mpaka yatulie, ndipo ninahamia meza inayofuata. Dirisha likitua pasipo pake, `Shift`, `Super` na `Page Down` hulisukuma meza moja kulia, na `Page Up` hulirudisha kushoto.