Kuomba cheo cha chini bila kuonekana umezidi kiwango

"Nimekuwa meneja wa uhasibu miaka 12. Nikiomba nafasi ya mhasibu wa kawaida, nieleze nini?"

Ndugu, wapo watakaokushauri ufute vyeo vya juu kwenye wasifu wako, nao wamepatia nusu tu: kufupisha kazi za zamani ni sawa, lakini kuficha kabisa kazi ya umeneja huacha pengo la miaka ambalo lazima utaulizwa. Mwajiri haogopi ujuzi wako. Anaogopa kwamba utaondoka ukipata pazuri zaidi, au utamsumbua msimamizi uliyemzidi uzoefu. Hofu ya kwanza ijibu katika aya ya mwanzo ya barua, kwa kutaja kazi yenyewe: "Miaka ya karibuni nimeshughulika zaidi na vikao na bajeti, ilhali kazi niipendayo ni kufunga hesabu za mwezi na kulinganisha daftari na taarifa ya benki, mshahara mliotangaza nimeuona na ninaukubali." Sentensi hiyo ya mshahara iandike ikiwa ni kweli tu. Usiandike "niko tayari kwa kazi yoyote", maana husomeka kama dhiki. Hofu ya pili isubiri usaili, ambapo utaeleza siku uliyotekeleza uamuzi wa mkubwa wako ingawa ulikuwa na maoni tofauti. Wapo watakaokukataa hata hivyo.